Dhumna ya pili haikuguswa

Picha ilipigwa usiku bwenini, na kivuli cha simu kiliangukia nusu ya karatasi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa hisabati aliituma kwa mwalimu wake wa semina na maneno machache: "Shikamoo mwalimu. Nimethibitisha kwamba 2 ni sawa na 1. Najua si kweli, lakini nimeukagua mstari kwa mstari na sioni nilipokosea."

Mwalimu angeweza kuizungushia duara sehemu yenye kosa na kuirudisha. Badala yake alikaa akaandika barua ya kurasa mbili, iliyoanza kwa "Marahaba mwanangu" na kuishia kwa swali.

Karatasi yenyewe ilikuwa na mistari minne tu. Dai lilisema kwamba ukichukua namba yoyote a isiyo sifuri, basi aⁿ = 1 kwa kila n kuanzia 0. Msingi: a⁰ = 1, jambo ambalo kila aliyepita sekondari analijua. Kisha ikaja hatua. Chukulia dai ni kweli kwa vipeo vyote kuanzia 0 hadi n, basi:

aⁿ⁺¹ = (aⁿ × aⁿ) ÷ aⁿ⁻¹ = (1 × 1) ÷ 1 = 1

Hapo dai likahesabiwa limethibitishwa. Weka a = 2 na n = 1, nalo linakwambia kwamba 2 ni 1.

Njia hii ya kuthibitisha huitwa induksheni, na aliyewahi kukaa barazani kwenye dhumna anaielewa bila shida. Wacheza wakichoka, watoto huchukua vile vipande na kuvisimamisha wima kwa mstari, kila kimoja karibu na mwenzake. Ili mstari wote uanguke yanatakiwa mambo mawili: cha kwanza kisukumwe, na kila kinachoanguka kimwangushe jirani yake. Katika hisabati msukumo wa kwanza ni ule msingi, na habari ya jirani ni ile hatua. Faida yake ni kwamba madai yasiyo na mwisho yanathibitishwa kwa kazi mbili tu.

Barua ilianza na mahali ambapo kosa halipo. Wanafunzi wengi wakiona jibu la ajabu huishambulia fomula, na huko hupotea usiku mzima. Fomula ya picha hii ni safi. Ukizidisha unajumlisha vipeo, ukigawanya unatoa, na n + n − (n − 1) ni n + 1. Mwalimu aliijaribu kwa 5: 5³ mara 5³ ni 125 mara 125, yaani 15,625, gawanya kwa 5², ambayo ni 25, unapata 625. Hiyo ndiyo 5⁴. Kwa hiyo aljebra iliachiwa huru mapema.

Baada ya hapo alimpa kijana kazi ambayo kwanza inaonekana ya kitoto: auandike upya mstari wa tatu, lakini asiandike n. Aandike namba.

Kwa n = 3 mstari unasema a⁴ = (a³ × a³) ÷ a². Vipeo 3 na 2 vyote vimo kati ya 0 na 3, kwa hiyo dhana inavigusa. Kwa n = 1 unasema a² = (a¹ × a¹) ÷ a⁰, na hapo pia kila kipeo kimo. Kwa n = 0, yaani safari ya kwanza kabisa kutoka kwenye msingi, unasema a¹ = (a⁰ × a⁰) ÷ a⁻¹.

a⁻¹ imetoka wapi? Dhana ilizungumzia vipeo kuanzia 0 hadi n, na n ikiwa 0 orodha hiyo ina kipeo kimoja tu, sifuri yenyewe. Hakuna aliyewahi kudai kwamba a⁻¹ ni 1. Kwa a = 2 ni nusu. Na ukiiweka hiyo nusu mahali pake, mstari unasema kweli tupu: 1 mara 1, gawanya kwa nusu, unapata 2.

Kwenye dhumna za picha ile, basi, kila kipande kinahitaji kusukumwa na wawili walio nyuma yake. Kuanzia cha tatu na kuendelea wamepangwa vizuri: kama a⁰ na a¹ zingekuwa 1 zote mbili, a² ingefuata, kisha a³, bila kukwama. Kipande cha pili tu ndicho chenye msukumaji mmoja, na hicho hakikuguswa. Pengo ni moja katika mstari usio na mwisho, nalo liko mwanzoni, mahali ambapo jicho hupita haraka kwa sababu herufi n inazifanya hatua zote zifanane.

Mwalimu alijua pia kosa lilikozaliwa. Wiki iliyotangulia darasa lilikuwa limeshughulikia namba za Fibonachi: 1, 1, 2, 3, 5, 8, na kuendelea, kila moja ikiwa jumla ya mbili zilizo nyuma yake. Walithibitisha kwamba ile ya n ni ndogo kuliko 2ⁿ, na katika kazi hiyo msingi ulikuwa na mistari miwili: 1 ni ndogo kuliko 2, na 1 ni ndogo kuliko 4. Kijana aliiga umbo la hatua akaacha mstari wa pili wa msingi. Hatua inayorudi nyuma vipande viwili inadai misingi miwili. Ikirudi vitatu, mitatu. Anayesahihisha karatasi za namna hii huanza kwa kutazama hatua inarudi nyuma umbali gani, ndipo anahesabu misingi.

Kosa hili lina ukoo mkubwa. Mwaka 1954 Joji Polia, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, aliwawekea wasomaji wake mtego kama huo: uthibitisho kwamba namba zozote n ni sawa. Baadaye ukavalishwa ngozi ya farasi, na wanafunzi wengi huujua hivyo. Farasi mmoja ana rangi moja. Katika kundi la farasi n + 1, mtoe wa kwanza, waliobaki wana rangi moja. Mrudishe, mtoe wa mwisho, waliobaki wana rangi moja. Na kwa kuwa farasi wa katikati wamo katika makundi yote mawili, wote wana rangi moja. Inakubalika kwa farasi kumi. Lakini wakiwa wawili, huyo wa katikati ni nani? Dawa ni ileile: acha n, andika 2.

Barua ilifungwa kwa swali: ungeongeza msingi wa pili, ungeandika nini?

Picha ya pili ilifika kesho yake mchana, safari hii bila kivuli. Kijana alikuwa ameandika a¹ = 1, akaikata kwa mstari, na pembeni akaongeza "labda a ikiwa 1 tu". Chini yake akaandika a¹ = a, kisha akaiendesha fomula yake ya zamani kwa a = 2. Kwa n = 1 alipata 2 mara 2, gawanya kwa 1, ni 4. Kwa n = 2 alipata 4 mara 4, gawanya kwa 2, ni 8. Aliendelea hivyo mpaka 64, ukurasa ukaisha.