Mpango Ulioelezwa na Mpango Uliofichwa

Katika Ocean's Eleven, filamu ya Steven Soderbergh ya mwaka 2001, Danny Ocean anawakusanya wenzake kumi na kuwaeleza watakavyoiba pesa za kasino tatu za Las Vegas, ambazo zote hulazwa kwenye hazina moja chini ya Bellagio. Sauti yake inaendelea huku picha zikipita upesi: milango ya namba za siri, lifti, walinzi wenye bunduki, kamera kila kona. Anapomaliza, mzee Saul anauliza: tuseme tumepita kote huko, halafu tutatoka tu na dola milioni 150, bila mtu kutuzuia? Danny anajibu ndiyo. Saul anasema sawa, nasi tunacheka.

Kicheko hicho kimewekwa makusudi. Swali la Saul ndilo swali pekee la maana, na filamu imelipita bila kulijibu.

Watunzi wa filamu za wizi wanajua kwamba mpango ulioelezwa wote mbele ya mtazamaji hauna budi kuharibika. Ukifanikiwa kama ulivyosemwa, tutakuwa tumeonyeshwa jambo lile lile mara mbili. Kwa hiyo mtunzi ana njia mbili: aeleze kila kitu kisha akivuruge, au aeleze nusu na kuificha nusu inayofaulu. Soderbergh na mwandishi wake, Ted Griffin, wamezitumia zote mbili.

Ndiyo maana sehemu ya matayarisho ni ndefu. Inatufundisha ramani ya jengo, ili usiku wa wizi pasiwe na haja ya kueleza lifti iko wapi. Pia inatuzoesha kuona vitu bila kuvihoji. Wezi wanajenga nakala ya hazina, mlango kwa mlango, na tunaamini ni ya kufanyia mazoezi. Yen, mwanasarakasi wao, anaonekana akijaribu kuruka humo, basi tunatosheka.

Usiku wenyewe, mambo yanaanza kuharibika. Yen ameumia mkono. Kilipuzi kinagoma kwa sababu betri zimekwisha. Hitilafu hizi ndogo zina kazi: macho yetu yakiwa kwenye betri, hatuulizi pesa zitatokaje.

Kisha simu inaita. Terry Benedict, mwenye kasino, anaambiwa aangalie kamera. Anaona watu wakipakia pesa hazinani mwake, na anapewa masharti: nusu ya pesa ichukuliwe kimyakimya, la sivyo zote zitalipuliwa. Anajifanya kukubali, huku akiwaita polisi. Kikosi maalumu kinashuka, milio ya risasi inasikika, kisha askari wanaondoka na mabegi yao. Wakati huo gari lililobeba mabegi kutoka hazinani linafuatwa hadi uwanja wa ndege. Linapofunguliwa, hamna pesa, mna vipeperushi vya makahaba.

Hapo Benedict anakumbuka sakafu. Nembo ya Bellagio iliwekwa kwenye sakafu ya hazina Jumanne, na katika picha alizoonyeshwa nembo haikuwapo. Alikuwa akitazama ile nakala, iliyorekodiwa kabla. Simu aliyowapigia polisi ilinaswa na wezi wenyewe, na askari wale ndio waliokuwa wezi. Swali la Saul limejibiwa: walitoka na pesa mlangoni, wakiwa wamevaa sare.

Ubora wa ufichuzi hupimwa kwa kuirudia filamu. Nakala tuliiona ikijengwa, na sakafu isiyo na nembo tuliitazama pamoja na Benedict. Hatukudanganywa, tuliachwa tujidanganye. Filamu dhaifu huleta mwishoni ufunguo au mtu ambaye hatukuwahi kumwona, na hapo mtazamaji ana haki ya kukasirika.

Zamani steringi mwizi hakuruhusiwa kufaidi. Kanuni za maadili za Hollywood, zilizotumika hadi 1968, zilitaka uhalifu usilipe. Katika The Killing ya Stanley Kubrick, ya 1956, sanduku linafunguka uwanja wa ndege na noti zinapeperushwa na upepo wa ndege. Katika Ocean's 11 ya kwanza, ya 1960, pesa zinafichwa ndani ya jeneza, kisha maiti inachomwa. Kanuni ilipoondoka, mshangao wa mwisho ukahamia kwenye namna walivyofaulu.

Hata hivyo Soderbergh ameacha tundu. Vile vipeperushi vilipakiwa kwenye mabegi ndani ya hazina, lakini filamu haionyeshi vilivyoingia humo. Yen aliingia amejikunja ndani ya toroli la pesa, na wenzake wawili wakashuka kwa kamba bila mzigo wa kutosha kujaza hata begi moja. Ukumbini ni nadra mtu kuligundua hilo, kwa sababu ufichuzi unapita kwa mwendo ule ule wa picha za haraka tuliozoeshwa wakati Danny akieleza mpango.