Maswali Manne Ndani ya Barua Pepe Moja

Mzazi anayempeleka mtoto shule ya bweni huwa na mengi ya kuuliza, na mara nyingi huyamimina yote kwenye aya moja: ada inalipwaje, godoro tunakuja nalo, mtoto ana pumu sijui dawa atatunziwa na nani, halafu je, anaweza kuripoti Jumanne? Kesho yake anajibiwa: "Ndiyo, hakuna shida." Ndiyo ya godoro au ya Jumanne?

Maswali hayo yana wenyewe tofauti. Ada ni ya mhasibu, godoro ni la matroni, dawa ni za nesi, na tarehe ni ya ofisi ya mkuu wa shule. Yakirundikwa pamoja, anayesoma hujibu lile analolijua, mengine yakasahaulika. Kwa hiyo kila swali lipewe namba, kichwa kifupi, na maelezo yanayolihusu lenyewe:

1. Ada. Naomba kulipa nusu sasa na nusu mwishoni mwa Machi. Inaruhusiwa?

2. Godoro. Fomu haitaji vipimo. Nilete la upana gani?

3. Pumu. Mtoto anatumia dawa ya kuvuta.
3a. Anaruhusiwa kukaa nayo bwenini?
3b. Akizidiwa usiku, anamwita nani?

4. Kuripoti. Jumatatu tuna msiba. Anaweza kufika Jumanne? Naomba jibu hili kabla ya Ijumaa, nikate tiketi.

Hapo katibu anaweza kumpelekea kila mhusika namba yake, naye akajibu "2: futi mbili na nusu" bila kusoma habari za ada. Swali la pumu limegawanywa kwa sababu lilikuwa na mambo mawili, na "ndiyo" moja isingetosha. Namba ziandikwe kwa mkono. Orodha inayojihesabu yenyewe huongeza namba mpya pale mtu anapobonyeza mstari wa chini ili ajibu, na swali la 3 likageuka la 4.

Majibu hayaji yote siku moja. Nesi na matroni wakishajibu, mzazi aandike juu ya barua ileile: "2 na 3 nimepata, ahsanteni. Bado 1 na 4." Asianze kuhesabu upya, maana mhasibu bado analifahamu swali lake kwa namba 1.

Hata hivyo, barua hii itapita mikononi mwa watu kadhaa, na maradhi ya mtoto si habari ya kila ofisi. Kama mzazi hataki mhasibu aisome, swali la 3 litoke humo na liende kwa nesi peke yake, kwa barua yake.