Sita au Tisa, Atakuja au Hatakuja: Usomaji wa Midomo katika Simu na Mikutano ya Video kwa Wasemaji wa Kiswahili wa Nyabugogo, Kigali

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi mtu mwenye upungufu wa usikivu anavyoweza kuendesha mazungumzo ya simu na mikutano ya video kwa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba ugumu anaoupata hauenei sawasawa katika lugha nzima, bali hujikusanya mahali pachache panapoweza kutajwa. Makala inachambua sehemu mbili, yaani jozi ya namba sita na tisa, na ukanushi wa wakati ujao katika nafsi za umoja. Kwa kutumia mfano wa dawati la tiketi katika kituo cha mabasi cha Nyabugogo, inaonyeshwa kwamba kurudia maneno yale yale hakusaidii, na kwamba dawa ni kubadili umbo la swali.

1.0 Utangulizi

Nyabugogo ni kituo kikuu cha mabasi cha Jiji la Kigali. Magari ya Huye, Musanze na Rubavu huanzia hapo, na yapo pia yanayovuka mpaka kwenda Kampala. Lugha inayotawala kituoni ni Kinyarwanda, lakini abiria na wafanyabiashara wanaotoka Goma, Uganda na Tanzania huleta Kiswahili, ambacho bunge la Rwanda lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Injini hazizimwi, na wapiga debe, wanaojulikana hapa kwa jina la abakarasi, huita abiria kwa sauti kuu. Katika mazingira hayo hata mwenye masikio mazima hubahatisha. Mwenye upungufu wa usikivu hubahatisha zaidi, na akikosea abiria hupoteza gari.

Upungufu unaozungumziwa hapa ni ule unaowapata watu wazima wengi, yaani kupoteza kwanza sauti za juu. Mtu wa namna hii husema, "Nasikia kwamba unazungumza, ila sishiki maneno." Kauli hiyo ni sahihi kifonetiki. Irabu, zenye nguvu katika sauti za chini na za kati, humfikia. Vikwamizi kama s, f na h humpotea.

2.0 Kinachopunguzwa na simu na kisichoonyeshwa na uso

Simu ya kawaida hupitisha sauti zilizo kati ya mitetemo 300 na 3,400 kwa sekunde. Sehemu kubwa ya nguvu ya s iko juu ya kiwango hicho. Kwa hiyo simu humfanyia kila msikilizaji kile ambacho sikio limekwisha kumfanyia mwenye upungufu, na hasara hizo mbili zikikutana, s huwa kimya kifupi kati ya irabu mbili. Kimya hicho kinafanana sana na t, ambayo nayo huanza kwa kuziba hewa.

Mtu angetarajia kwamba uso, pale unapoonekana kwenye video, ungejaza pengo hilo. Hujaza kwa kiasi. Jicho huona vizuri mahali pa mbele pa matamshi: midomo inapokutana, meno ya juu yanapogusa mdomo wa chini, na midomo inapoviringwa kwa u na o. Halioni kama nyuzi za sauti zinatetemeka, wala kama hewa inapita puani. Ndiyo maana maneno baba, mama na papa ni neno moja machoni. Kadhalika pesa na meza, au futa na vuta. Sauti za ufizi, yaani t, d, n, l, s na z, hukaribiana sana, na h haina umbo lake lenyewe kwa kuwa midomo tayari imejiandaa kwa irabu inayofuata.

Kwa bahati nzuri, mengi ya yale ambayo jicho halioni sikio huyapata. Mlio wa puani wa m una nguvu katika sauti za chini, hivyo mama na papa, ambayo hufanana machoni, hutofautiana masikioni hata kwa mwenye upungufu. Msaada huu wa pande mbili ndio unaofanya usomaji wa midomo ufae. Tatizo la kweli lipo pale tu ambapo jicho na sikio vinashindwa kwa pamoja, na Kiswahili kina sehemu mbili kama hizo ambazo hutumika kila siku kituoni.

2.1 Sita na tisa

Maneno haya mawili yana sauti zile zile nne. Irabu ni i na a kwa mpangilio ule ule, na konsonanti s na t zimebadilishana nafasi tu. Zote mbili ni za ufizi, kwa hiyo machoni hakuna tofauti ya kutegemewa. Katika simu, s ikishapotea, kinachobaki katika maneno yote mawili ni i, pengo, kisha a. Katika kituo cha mabasi, saa sita ni adhuhuri na saa tisa ni saa tatu nzima baadaye.

2.2 Atakuja na hatakuja

Katika wakati ujao, ukanushi wa nafsi za umoja hubebwa na konsonanti moja: nitakuja na sitakuja, utakuja na hutakuja, atakuja na hatakuja. Idadi ya silabi haibadiliki. Katika jozi mbili za mwisho tofauti ni h peke yake, sauti dhaifu isiyoonekana. Katika jozi ya kwanza n na s hufanana machoni, ingawa mlio wa n huweza kusikika.

Hali hii haipo kila mahali katika sarufi. Wakati uliopita una alikuja dhidi ya hakuja, silabi nne dhidi ya tatu. Wakati uliopo una anakuja dhidi ya haji, maneno yasiyofanana kabisa. Nafsi za wingi huongeza silabi nzima, kama katika watakuja na hawatakuja. Hata ngeli ya basi huongeza silabi: litaondoka, halitaondoka. Mwenye kuujua mgawanyo huu anajua ni sentensi zipi azitilie shaka na zipi aziamini.

3.0 Mfano wa dawati la tiketi

Tuchukue mfano wa mkata tiketi mwenye upungufu wa sauti za juu. Mfanyabiashara aliye Rubavu anampigia simu na kusema: "Dada, mdogo wangu hatakuja na gari la saa sita. Atakuja na gari la saa tisa." Tukiondoa h na s, mkata tiketi anapokea sentensi ile ile mara mbili. Kwake inaonekana mteja anasisitiza, naye anaandika saa mojawapo kwa kukisia. Hatari ya kosa hili ni kwamba halijitangazi. Ujumbe umekamilika, una maana, na hakuna neno lililokatika.

Dalili pekee ni ule urudiaji wenyewe. Mtu akionekana kusema jambo moja mara mbili mfululizo, ni busara kudhani kwamba ametoa kanusho na masahihisho yake.

Mkata tiketi akiuliza, "Unasemaje?", mteja atapaza sauti. Kupaza sauti huongeza nguvu ya irabu, ambazo tayari zinasikika, na hakuirudishi s iliyokatwa na mtandao. Akiuliza, "Atakuja au hatakuja?", atajibiwa kwa neno lile lile lisilosikika. Akirudia, "Saa tisa?", huenda mteja, aliye pia katika kelele, akaitikia tu.

Njia iliyo salama ina hatua tatu. Kwanza, aulize kwa maneno mawili ambayo irabu zake za kati hazifanani: "Kaka, gari lake ni la adhuhuri au la alasiri?" Kinyarwanda hakina sauti dh, na wasemaji wengi huenda wakasema z, lakini jambo hilo halidhuru, kwani u mbili za adhuhuri zinasikika na zinaonekana. Pili, kama namba yenyewe inahitajika, aombe ihesabiwe kuanzia moja: "Nihesabie mpaka ufike." Hesabu inayokoma baada ya tano kwa neno moja ni sita, na ikiendelea ni namba nyingine. Tatu, athibitishe kwa umbo jipya: "Basi naandika saa tatu baada ya adhuhuri, 15:00, nami nakutumia ujumbe." Ujumbe mfupi wa maandishi ndio ushahidi wa mwisho, na kwa namba za simu au za malipo usiachwe kamwe.

Kuhusu ukanushi, swali lielekezwe kwenye vitenzi visivyofanana: "Amekubali au ameahirisha?" Katika amekubali midomo hukutana mara mbili, na katika ameahirisha mara moja tu.

Jambo moja la kifaa linafaa kutajwa. Anayevaa kifaa cha kusaidia kusikia nyuma ya sikio aisogeze simu juu kidogo hadi kwenye kipaza sauti cha kifaa, kwa kuwa sauti huingilia hapo, si kwenye tundu la sikio.

4.0 Mkutano wa video

Simu za intaneti mara nyingi hupitisha sauti pana zaidi, hivyo s huweza kurejea kwa msikilizaji ambaye bado ana mabaki ya usikivu wa juu. Faida nyingine ni uso, lakini uso unategemea mtandao. Kufunga midomo kwa p, b au m mara nyingi huchukua chini ya milisekunde 100. Video ya picha 25 kwa sekunde huonyesha picha kila milisekunde 40, na kitendo hicho hunaswa. Mtandao ukizidiwa na video ikashuka hadi picha 10, kila picha inasimamia milisekunde 100, na midomo inaweza kukutana na kuachana kati ya picha mbili. Kipimo ni rahisi: mwombe mwenzako aseme "mama" mara tatu kwa mwendo wa kawaida. Usipoona midomo ikifunga, usiitegemee picha hiyo.

Hapo wasiozungumza wazime kamera zao ili mtandao umhudumie msemaji mmoja, na msomaji aikuze picha yake. Msemaji akae akiuelekea mwanga. Dirisha likiwa nyuma yake, mdomo huwa kivuli. Kila mmoja ajitaje kabla ya kuanza, kwa sababu jicho huhitaji muda wa kumtafuta.

Picha ikichelewa nyuma ya sauti, kuitazama kunaweza kudhuru. Majaribio ya McGurk na MacDonald ya mwaka 1976 yalionyesha kwamba mtu anayeona matamshi tofauti na anayoyasikia huweza kusikia sauti ya tatu ambayo haikutamkwa. Katika hali hiyo ni afadhali kuacha picha na kuandikiana.

5.0 Hitimisho

Usomaji wa midomo hauwezi kumpa mtu lugha nzima. Uchambuzi huu umeonyesha kwamba katika Kiswahili sita hufichana na tisa, na kwamba kanusho la wakati ujao katika umoja huning'inia kwenye konsonanti moja. Wafundishao usomaji wa midomo kwa Kiswahili wanaweza kuanzia katika jozi hizi, na wanaozungumza na mwenye upungufu wa usikivu waache kumrudilia neno lile lile na badala yake walibadili.