Faili 61, sera 14

Faili lilikuwa na jina refu kuliko kazi yake: "Sera ya Mikopo MPYA final ya Bodi (2).docx". Kando yake kulikuwa na "Sera ya Mikopo MPYA.docx", na chini zaidi nakala ya skani ya mwaka 2016 yenye saini na mhuri. Mkaguzi alikuwa ameuliza swali moja tu: chama kinakopesha kwa sera ipi kati ya hizi? Meneja akamtazama afisa mikopo. Afisa mikopo akajibu kwa nia njema kabisa: "Sisi tunafuata ile iliyobandikwa ukutani."

Hiki ni chama cha akiba na mikopo, SACCOS ya watumishi katika mji mmoja wa Tanzania, na jina lake halihitajiki hapa. Mimi ni mwanachama wa kawaida ninayejua kidogo kazi za masjala, kwa hiyo niliombwa nitengeneze rejista ya sera. Rejista yenyewe ni jedwali moja linaloonyesha chama kina sera zipi, kila moja iko chini ya nani, ilianza kutumika lini na inatakiwa kupitiwa upya lini. Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Ilichukua wiki tatu, na muda mwingi nilikuwa mbali na kompyuta.

Kwanza nilinakili folda nzima na kufanya kazi kwenye nakala, bila kugusa asili. Kisha nikataka orodha ya majina ya faili zote bila kuyaandika kwa mkono. Kwenye Windows unafungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo na kuandika:

```
dir /s /b /a-d > orodha.txt
```

Nilipata mistari 62. Faili zilikuwa 61. Mstari wa ziada ni hiyo orodha.txt yenyewe, maana huzaliwa kabla amri haijaanza kuhesabu, ikajihesabu nayo.

Kati ya hizo 61, nakala na rasimu zilikuwa 22, fomu 11, na taratibu, miongozo na matangazo 14. Zikabaki sera 14. Kuzitenga kunataka kipimo, na changu kilikuwa rahisi: sera husema chama kimeamua nini na nani ana mamlaka, utaratibu husema kazi ifanyweje. "Mkopo wa dharura hautazidi kiasi fulani" ni sera. "Mwombaji ajaze fomu nakala mbili" ni utaratibu, hata kama jalada lake limeandikwa SERA kwa herufi kubwa. Jina la faili halikunisaidia sana. Ilibidi nifungue kila moja.

Kilichonitesa zaidi ni tarehe.

Mtu akiona faili kwenye kompyuta, jicho hukimbilia tarehe iliyo pembeni ya jina. Usiiamini. Ukinakili faili kutoka kwenye fleshi, Windows hubakiza tarehe ya badiliko la mwisho lakini huweka tarehe mpya ya kuundwa, hivyo unaweza kukuta faili "limezaliwa" miaka miwili baada ya kurekebishwa. Mtu akilifungua, akafuta nafasi moja na kuhifadhi, tarehe ya badiliko nayo inakuwa ya leo. Tarehe hizo zinaeleza safari za faili. Sera inaanza kutumika kwa uamuzi wa kikao, na kompyuta haikuhudhuria kikao.

Hata tarehe ya juu ya jalada inaweza kukudanganya. Mara nyingi ni mwezi ambao mwandishi alimaliza kuandika. Katika maisha ya sera kuna tarehe tatu zinazofanana sura: ya kuandikwa, ya kuidhinishwa na ya kuanza kutumika. Rejista inaitaka ya tatu. Ya pili ni ushahidi wake, hasa pale sera inaposema yenyewe kwamba "itaanza kutumika siku itakapoidhinishwa".

Sasa turudi kwenye ile Sera ya Mikopo. Jalada lilisema Machi 2021. Kifungu cha mwisho kilisema itaanza kutumika itakapopitishwa na mkutano mkuu, na kwamba itapitiwa kila baada ya miaka mitatu. Mkutano mkuu ulifanyika lini? Folda haikujua. Meneja aliyekuwapo alihamia mwaka uliofuata, na katibu wa bodi wa wakati huo alikuwa amestaafu. Nikamfuata nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unatafuta mihtasari? Ya kwenye kompyuta sijui, lakini kaunta buku ninayo."

Akaitoa kabatini, imefunikwa gazeti. Ajenda ya 7, mkutano mkuu wa tarehe 26 Juni 2021: wanachama waliipitisha Sera ya Mikopo, ila waliibadilisha mahali pamoja. Rasimu ya bodi ilisema mwanachama akopeshwe hadi mara tatu ya akiba zake. Mkutano ulikataa na kuweka mara mbili na nusu. Nikafungua simu na kuangalia lile faili la "final ya Bodi". Lilisema mara tatu. Karatasi ya ukutani nayo ilisema mara tatu.

Kwa hiyo faili ambalo ofisi nzima iliamini ni sera halikuwahi kupitishwa na yeyote. Kilichopitishwa kilikuwa ndani ya kaunta buku, kwenye kabati la mama mstaafu, kwa wino wa bluu. Kwa aliyekuwa na akiba ya milioni mbili, tofauti hiyo ni mkopo wa milioni sita badala ya tano. Hakuna aliyeiba wala kughushi. Mtu alichapisha rasimu ya mwisho aliyokuwa nayo, na hakuna aliyerudi kuirekebisha baada ya mkutano.

Tangu siku hiyo safu ninayoithamini kuliko zote kwenye rejista ni ya chanzo. Kila tarehe ninaandika nimeisoma wapi: "kifungu 1.4, ukurasa 2", au "muhtasari wa mkutano mkuu, 26 Juni 2021, ajenda 7". Tarehe isiyo na chanzo siiandiki. Katika zile sera 14, tano zilikuwa na tarehe ya kuanza ndani yake, sita nilizipata kwenye mihtasari, na tatu sikuzipata popote. Bodi ilitaka hizo tatu nizijazie "Januari 2019, maana ndipo zilipoanza kuonekana". Nilikataa. Ukijaza kisanduku kwa kukisia, baada ya mwaka hakuna atakayekumbuka kwamba ulikisia, lakini kikiwa tupu kitaendelea kuulizwa.

Upande wa wamiliki, makosa yalikuwa mawili. Kwanza, watu humchanganya mmiliki na mwandishi au mwidhinishaji. Mwandishi alishamaliza kazi yake, na bodi au mkutano mkuu huidhinisha kila kitu, kwa hiyo kuandika "Bodi" kwenye kila mstari ni sawa na kutomtaja mtu. Mmiliki ni yule atakayeulizwa: "Sera hii bado inafaa? Rasimu mpya iko wapi?" Pili, tuliandika majina ya watu. Sera mbili zilikuwa chini ya mtu aliyekwisha kuhama. Andika cheo, halafu hakikisha cheo hicho bado kipo. Sisi tulimkuta "Mratibu wa Elimu kwa Wanachama" ambaye nafasi yake ilifutwa zamani, na sera yake ikabaki yatima.

Tarehe ya mapitio haihitaji kuandikwa kwa mkono. Katika Excel, weka tarehe ya kuanza kwenye safu ya E, mapitio ya mwisho kwenye F, na muda wa mapitio kwa miezi kwenye G. Kisha kwenye H2 na I2:

```
=IF(OR(E2="",G2=""),"",EDATE(MAX(E2,F2),G2))
=IF(H2="","HAIJULIKANI",IF(H2<TODAY(),"IMEPITA",IF(H2<=TODAY()+90,"KARIBU","BADO")))
```

Mstari wa kwanza huchukua tarehe iliyo karibu zaidi, ya kuanza au ya mapitio ya mwisho, na kuongeza miezi. Safu ya mapitio ya mwisho ina maana yake: sera inaweza kupitiwa na kuachwa ilivyo, na bila kuiandika siku hiyo itaonekana haijaguswa. Mstari wa pili hukupa onyo siku 90 kabla, muda ambao rasimu inaweza kuandikwa na kufika kwenye kikao.

Angalizo moja kabla hujaiamini. Andika tarehe hivi: 2021-06-26. Ukiandika 03/04/2021 kwenye kompyuta iliyowekwa mtindo wa Marekani, itaisoma kama Machi 4 wakati wewe unamaanisha Aprili 3, na haitakuambia. Ukiandika 26/06/2021 kwenye kompyuta hiyo hiyo, itashindwa kabisa na kuiacha kama maneno. Dalili ya maneno ni kwamba yamelala kushoto mwa kisanduku, ilhali tarehe halisi hulala kulia. Dalili nyingine ni kuona mapitio yajayo yakiangukia mwanzoni mwa miaka ya 1900. Mimi niliona hilo kwenye mstari wa nne nikacheka peke yangu.

Kuna sera zinazosema zitapitiwa "inapohitajika". Hizo hazina tarehe, na formula haiwezi kuzitungia. Nimeacha zisomeke HAIJULIKANI mpaka bodi itakapotaja muda.

Rejista ilipokamilika, sera nane zilisoma IMEPITA, ya mikopo ikiwemo: mapitio yake yalitakiwa tarehe 26 Juni 2024. Mjumbe mmoja akauliza kama basi mikopo yote iliyotolewa baada ya siku hiyo ni batili. Hapana. Sera iliyopitwa na tarehe ya mapitio bado inatumika mpaka ifutwe au ibadilishwe, isipokuwa yenyewe iseme itakoma siku fulani. Tarehe hiyo inamkumbusha mmiliki kazi yake, haifungi sera. Ila nayo si ya kupuuzwa. Sera yetu ya kumbukumbu za wanachama ni ya 2018, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Sera hiyo haina hata neno moja juu yake, na hiyo ndiyo iliyopangwa kuanza.

Karatasi ya ukutani imeondolewa. Visanduku vitatu bado havina tarehe. Kama nawe ni mwanachama wa chama chochote cha akiba na mikopo, mkutano mkuu ujao omba kuonyeshwa Sera ya Mikopo pamoja na muhtasari ulioipitisha, uvilinganishe mwenyewe, na uanzie kwenye kiwango cha juu cha mkopo.