Sufuria Moja kwa Wageni Kumi

Mwanafunzi wa chuo, kijana wa Parokia ya Ngokolo hapa Shinyanga, anataka kuwaalika nyumbani wenzake kumi wa darasani. Watano ni Wakatoliki, wawili Waislamu, mmoja Msabato, mmoja Mhindu asiyekula nyama wala samaki wala mayai. Wa kumi ni dada aliyetoka Geita, Mlutheri, ambaye karanga humvimbisha midomo na kumbana pumzi. Tumfuate kijana huyu, maana mgeni wa namna hii yumo karibu katika kila darasa.

Aanze na siku. Ijumaa ya Kwaresima Mkatoliki aliyetimiza miaka 14 hali nyama. Sabato ya Msabato huanza Ijumaa jua linapotua hadi Jumamosi jua linapotua, na katika saa hizo hatakuja kwenye sherehe. Mwezi wa Ramadhani Waislamu hawali mchana; mwaka 2026 Ramadhani na Kwaresima vilianza karibu siku moja. Basi achague Jumapili mchana, baada ya Pasaka.

Halafu aulize, na aulize vizuri. Ukimwuliza mgeni, "Unakula kila kitu?" atajibu "nakula", kwa aibu tu. Amwulize kila mmoja peke yake: "Kuna kitu usichokula kwa imani, kwa afya, au kwa mwiko wa kwenu?" Swali hili linampa mtu nafasi ya kusema bila kuonekana msumbufu.

Wengi hupanga nyama kwanza, kisha huwatafutia wengine "kitu cha pembeni". Mgeni wa pembeni huishia na wali mkavu. Kijana wetu aanze na yule mwenye mipaka mingi zaidi, ampikie sufuria ambayo wote kumi wataila, ndipo aongeze kitoweo kwa wanaokitaka. Kwa Shinyanga sufuria hiyo ni ya choroko. Msukuma anazilima, na jikoni kwa Mhindu ni chakula cha kawaida. Kwa watu kumi na mmoja, pamoja na mwenyeji, kilo moja ya choroko na kilo moja na nusu ya mchele zinatosha, na mchicha mafungu kadhaa. Choroko zichemshwe hadi zipasuke, ziungwe kwa nyanya na mafuta ya alizeti. Kitunguu na kitunguu saumu aulizie kwanza, kwa kuwa baadhi ya Wahindu hawavili.

Ugomvi utatoka kwa mama. Mboga ya Kisukuma isiyo na karanga, kwake, ni mboga ya mgonjwa. Lakini hapa hakuna "kidogo tu". Kupika hakuondoi madhara ya karanga, na mwiko uliokoroga nsansa ya karanga ukiingia kwenye choroko, choroko zote zimeharibika kwa yule dada. Siku hiyo karanga zisiingie jikoni kabisa, hata za kutafuna. Na kwa kuwa karanga na choroko ni za jamii moja ya mimea, aulizwe mapema kama choroko na kunde huwa anakula. Wengi wenye mzio wa karanga huzila bila shida. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, ni hospitali mara moja, wala si kusubiri ipoe.

Kitoweo kiwe kuku na sato. Kuku achinjwe na jirani Mwislamu, kama desturi yetu ilivyo, na wengine wote watamla. Sato ana magamba, hivyo Msabato anamla. Kambale hana, na Msabato hatamgusa. Hapo wengi huona kazi imekwisha, kumbe yanayokwaza ni yale yasiyoonekana mezani: mafuta yaliyobaki baada ya kukaanga kitimoto, wali uliopikwa kwa supu ya kuku, viungo vya pakiti vyenye ladha ya nyama. Sufuria iliyozoea kitimoto isitumike. Aazime kwa jirani. Choroko, wali na mchicha vipikwe kwanza na kufunikwa, samaki akaangwe mwisho, na kila sufuria iwe na upawa wake. Vinywaji: maji, juisi ya ukwaju, na mchaichai badala ya majani ya chai, kwa ajili ya Msabato.

Mseminari atakumbuka kwamba Wakorintho walisumbuka na jambo hili hili. Katika sura ya 10 ya waraka wa kwanza Paulo anawaruhusu kula kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza. Ila mtu akisema nyama hii imetolewa sadaka, waiache kwa ajili yake yeye aliyesema. Kijana wetu naye ana ruhusa ya kula kitimoto Jumapili yoyote nyingine.

Wakati wa kupakua, ataje kila sufuria ina nini, mafuta gani, na nani alimchinja kuku. Kisha Mhindu na dada wa Geita wapakue kwanza, kabla upawa wa mchuzi wa kuku haujapotelea kwenye choroko.