Kwa nini kikumbusho cha simu hulia saa isiyo yake safarini

MFANYABIASHARA wa Dar es Salaam anayemeza kidonge cha shinikizo la damu kila siku saa 2:00 usiku anaweza kufika London mwezi Julai na kukuta simu yake ikimkumbusha saa 12:00 jioni. Simu hiyo si mbovu. Tatizo limo katika namna programu ilivyoihifadhi saa hiyo.

Programu nyingi hugeuza saa aliyoiandika mtumiaji kuwa saa ya dunia, UTC. Saa 2:00 usiku ya Dar es Salaam ni 17:00 UTC, na London wakati wa kiangazi ni 18:00, yaani saa 12:00 jioni. Dakika ni ileile, ila saa ya ukutani imebadilika.

Ndiyo maana vikumbusho hugawanyika katika aina mbili. Cha kwanza humfuata mwenyewe na huandikwa bila jina la ukanda wa saa. Cha pili hufungwa mahali pamoja, mfano kikao cha simu na ofisi ya Dar es Salaam saa 4:00 asubuhi. Katika mafaili ya kalenda huonekana hivi:

```
DTSTART:20260713T200000
DTSTART;TZID=Africa/Dar_es_Salaam:20260715T100000
```

Mstari wa kwanza hulia saa 2:00 usiku popote msafiri alipo. Wa pili humwita akiwa London saa 2:00 asubuhi.

Kosa la kawaida ni kuhifadhi tofauti ya saa badala ya jina la ukanda. Julai tofauti ya miji hiyo ni saa mbili, lakini Oktoba 25, 2026 Uingereza hurudisha saa nyuma na tofauti kuwa tatu. Programu iliyokariri mbili itamwamsha msafiri saa 2:00 asubuhi, wakati kikao kilianza saa 1:00.

Aidha, kengele ya simu za Android hupangwa kwa dakika kamili, hivyo programu haina budi kuipanga upya kila inapopokea taarifa ya `ACTION_TIMEZONE_CHANGED`. Hapo pia ipo hila. Anayetua Dubai saa 2:30 usiku, wakati Dar es Salaam ni saa 1:30, ameirukia saa 2:00 bila kuipitia. Programu makini hutazama kama kikumbusho cha tarehe hiyo kimekwisha kulia. Kama bado, hulia papo hapo.

Njia rahisi ya kujaribu ni kubadili ukanda wa saa kwa mkono katika mipangilio ya simu kabla ya safari, kisha kutazama kengele ijayo imepangwa saa ngapi.

Hata hivyo, kuhusu dawa uamuzi si wa programu. Kufuata saa 2:00 usiku ya London hufanya nafasi kati ya vidonge viwili iwe saa 26 siku ya safari. Iwapo dawa yahitaji saa 24 kamili, kikumbusho hufungwa kwenye saa ya Dar es Salaam, na daktari ndiye wa kulieleza hilo.