Kijipicha au maandishi: kipi hubofywa zaidi ndani ya barua pepe?

Video haichezi ndani ya barua pepe nyingi. Programu ya Mail ya Apple huweza kuichezesha, lakini Gmail haiichezi, wala Outlook ya Windows. Ndiyo maana anayetuma jarida kwa barua pepe hubaki na njia mbili za kumfikisha msomaji kwenye video. Ya kwanza ni sentensi yenye kiungo. Ya pili ni kijipicha, yaani picha moja iliyotolewa kwenye video na kuwekwa pembetatu ya kuchezesha katikati, ambayo ikiguswa hufungua ukurasa wa video.

Pembetatu hiyo inafaa ichorwe ndani ya picha yenyewe. Outlook ya Windows ya miaka mingi hupanga barua kwa mtambo wa Word, na mtambo huo hauwezi kuweka picha moja juu ya nyingine kama tovuti zinavyofanya. Kwa kawaida kijipicha huwa na upana wa pikseli 600, na huandikwa hivi:

```html
<a href="https://example.org/video?utm_content=picha">
  <img src="https://example.org/chanjo.jpg" width="600"
       alt="Tazama video: kuchanja kifaranga">
</a>
```

Maneno ya `alt` ndiyo huonekana picha isipofunguka. Outlook mara nyingi huzuia picha mpaka msomaji aruhusu, na asiye na maneno hayo humwachia msomaji kisanduku kitupu.

Jinsi ya kulinganisha njia hizi mbili inaonekana vizuri katika mfano wa kubuni. Jarida la wafugaji wa kuku lina wasomaji 4,000, na toleo la wiki hii lina video ya chanjo ya kideri. Orodha inagawanywa kwa bahati nasibu, 2,000 kila upande. Upande mmja unapata kijipicha: vidole vimeshika kichwa cha kifaranga, na tone la chanjo linaning'inia juu ya jicho. Upande wa pili unapata mstari usemao, "Tazama jinsi ya kuchanja kifaranga kwa tone la jicho". Kichwa cha barua, saa ya kutuma na mahali pa kiungo ni vilevile. Hapa ndipo majaribio mengi huharibika: picha kubwa ya juu kabisa hushindanishwa na neno moja lililofichwa katika aya ya tano, kisha ushindi wa mahali huitwa ushindi wa picha.

Kijipicha kinabofywa na watu 96, yaani asilimia 4.8 ya waliofikiwa na barua. Maandishi yanabofywa na 70, asilimia 3.5. Hesabu igawanywe kwa waliofikiwa, si kwa waliofungua. Tangu Septemba 2021, Mail ya Apple humpa mtumiaji ulinzi wa faragha unaopakua picha za barua hata kama hajaisoma, hivyo idadi ya waliofungua imevimba. Mibofyo nayo ina uchafu wake, kwa kuwa mitambo ya usalama ya baadhi ya ofisi hujaribu viungo kabla mtu hajaviona. Hujulikana kwa kubofya kila kiungo cha barua ndani ya sekunde chache baada ya kufika, na mibofyo hiyo iondolewe.

Je, tofauti ya 26 ni ya kweli au bahati tu? Pande zikiwa sawa na wabofyaji wakiwa wachache miongoni mwa waliotumiwa, kuna kipimo chepesi: jumla ya waliobofya ni 166, kipeuo chake cha pili ni karibu 13, na mara mbili yake ni 26. Tofauti inayopita hapo kwa mbali inaaminika. Hii imeegemea mpaka wenyewe, kwa hiyo jaribio lirudiwe katika toleo lijalo kabla ya kuamua. Kwa orodha ya watu 200 kila upande, matokeo ya 10 dhidi ya 7 hayasemi lolote.

Swali gumu zaidi huja baada ya kubofya. Tuseme waliofika kwenye dakika ya kudondosha chanjo ni 48 kati ya wale 96, na 49 kati ya wale 70. Hapo kijipicha kimeongeza wageni bila kuongeza watazamaji. Sentensi ilieleza kilichomo, hivyo aliyebofya alikuwa tayari anakitaka. Picha iliwaleta pia wadadisi walioondoka baada ya sekunde kadhaa. Kwa mfugaji anayetakiwa kujua pa kudondosha tone, namba ya watazamaji ina uzito kuliko ya mibofyo.

Jaribio likishakwisha, hakuna ulazima wa kuchagua kimoja. Mstari wa maandishi ukiwekwa chini ya kijipicha, na viungo vyote viwili vikapewa alama tofauti, `utm_content=picha` na `utm_content=maandishi`, aliyezuiliwa picha bado ana njia, na ripoti huonyesha mlango upi kila mgeni aliingilia.